Simu imeingia maji: Saa ya kwanza ndiyo inayoamua, si mchele

Mama aliweka kopo la plastiki juu ya meza ya fundi, akafungua mfuniko, akaingiza vidole kwenye mchele na kuchomoa simu.

“Imelala humo siku tatu, mwanangu. Nimefuata kila nilichoambiwa.”

“Iliangukia wapi, mama?”

“Kwenye ndoo ya samaki, kule Feri. Nilikuwa nainama kuchagua, ikatoka kifuani.”

“Maji ya bomba au ya bahari?”

“Ya bahari, na barafu.”

Fundi hakusema kitu. Aliigeuza simu, akamulika tundu la chaji kwa tochi ndogo. Ndani yake kulikuwa na kipande cha punje ya mchele kilichokwama, na unga mweupe umeganda pembeni kama uji uliokauka kwenye mwiko. Akakitoa kwa ncha ya koleo, kisha akaanza kulegeza gundi ya mgongo wa simu.

Ilipofunguka, alinisogezea lenzi nitazame. Pale waya wa betri unapoungana na bodi, meno madogo ya shaba yalikuwa yamegeuka rangi ya kijani. Mawili hayakuwapo tena. Yalikuwa yamelika.

“Angeniletea siku ileile,” alisema kwa sauti ya chini, “haya yote yangekuwa bado yanang’aa.”

Nilikaa kwenye kibanda hicho cha Kariakoo mchana kutwa, kwa sababu ya swali moja linaloulizwa karibu kila nyumba yenye simu: ikishaingia maji, ufanye nini? Jibu linalotembea mitaani ni mchele. Nilichokiona chini ya lenzi kinasema vingine.

Maji hayaui simu peke yake

Wengi wetu tunaamini simu iliyoingia maji ina tatizo moja, nalo ni unyevu. Kwa hiyo dawa inaonekana wazi: ikauke. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Maji yaliyo safi kabisa hupitisha umeme kidogo sana. Lakini maji tunayoishi nayo si hayo. Maji ya bomba yana madini. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi inayoonjeka ulimini. Maji ya kufulia yana sabuni, chai ina sukari, jasho lina chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita moja, kiasi cha vijiko sita vya chai. Chumvi hiyo ndiyo inayofungulia umeme njia.

Betri ya simu ina volti 3.7 hivi, na ikijaa hupanda zaidi ya 4. Ukiigusa kwa kidole huhisi kitu. Lakini ndani ya bodi, njia mbili za shaba zinaweza kutenganishwa na nafasi nyembamba kuliko unywele. Tone la maji yenye chumvi likiziba nafasi hiyo, mambo mawili hutokea.

La kwanza ni la papo hapo. Umeme unapita pasipopaswa kupita, simu inapiga shoti, na kifaa fulani kinaungua.

La pili huenda polepole, na ndilo linalomaliza simu nyingi. Umeme ukipita ndani ya maji yenye chumvi, shaba ya upande wa chanya huanza kuyeyuka, kidogo kidogo, na kusafiri kuelekea upande wa hasi. Ni kazi ileile inayofanywa kiwandani kupaka chuma dhahabu au fedha, ila hapa inafanyika mahali pabaya. Upande mmoja unalika, upande wa pili unaota nywele za chuma zinazokuja kuunganisha visivyopaswa kuungana. Ile rangi ya kijani niliyoiona ni mabaki ya shaba iliyolika.

> Simu iliyozimwa si simu isiyo na umeme. Betri ikiwa bado imeungwa, ulaji unaendelea.

Watu wengi hudhani wakishazima simu, umeme umekatika. Kuzima kunasaidia sana, kwa sababu sehemu kubwa ya bodi inalala. Lakini sehemu ndogo hubaki macho: ile inayosubiri kidole chako kibonyeze kitufe, na ile inayohesabu saa. Ndiyo maana ukiwasha simu iliyozimwa usiku kucha, unakuta saa yake iko sawa. Umeme huo mdogo, ukikutana na chumvi, unatosha kula shaba kwa siku tatu ndani ya kopo la mchele.

Kwa nini mchele haufai

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri kioo kipya aliingilia kati mazungumzo yetu. Alisema simu yake iliwahi kudumbukia kwenye ndoo ya maji ya kuoga, akaiweka kwenye mchele usiku mmoja, asubuhi ikawaka, na hadi leo anaitumia. “Sasa utaniambiaje mchele haufanyi kazi?”

Simwambii kwamba anadanganya. Simu yake ilipona kweli. Swali ni nani aliyeiponya. Maji yalikuwa ya bomba, iliokotwa ndani ya sekunde chache, na aliizima akaiacha usiku kucha bila kuigusa. Simu ya namna hiyo hupona mara nyingi hata ikiachwa juu ya meza. Mchele ulipewa sifa ya kazi iliyofanywa na kuzima na kusubiri. Wale ambao simu zao zilikufa ndani ya mchele hawaendi kuusimulia. Husema tu kwamba maji yalikuwa mengi.

Tuutazame mchele wenyewe. Punje ya mchele uliokobolewa tayari ina maji ndani yake, takriban asilimia 12 hadi 14 ya uzito wake. Imeshakaa dukani na jikoni, imeshalingana na unyevu wa hewa iliyoizunguka. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, ambako hata chumvi ya mezani hushikana, mchele huo hauna kiu iliyobaki ya kuvuta maji ya mtu.

Hata ungekuwa mkavu kama mchanga wa jangwani, bado upo nje, na maji yapo ndani. Chipu za simu zimebandikwa kwenye bodi kwa vitone vidogo vya risasi ya kuchomelea, na chini ya kila chipu kuna uwazi mwembamba sana. Maji hujivuta yenyewe na kuingia humo, kama yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, kisha yanakaa. Juu yake kuna vifuniko vya bati, juu yake kioo na gundi. Punje iliyo nje ya simu haiwezi kuyafikia. Kitakachoyatoa ni kufungua na kusafisha, au hewa inayotembea na muda mrefu.

Kuna jaribio ambalo msomaji anaweza kulifanya jikoni mwake leo usiku. Chukua vitambaa viwili vilivyo sawa, vilowanishe na kuvikamua sawasawa. Kimoja kifukie kwenye bakuli la mchele, cha pili kitundike mbele ya feni. Asubuhi vishike. Mwaka 2014, Gazelle, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikinunua simu zilizotumika, ilifanya jaribio la kufanana na hilo kwa sponji zilizoloa, ikijaribu mchele na vitu vingine vinavyosifiwa kukausha. Hakuna kilichoishinda hewa ya wazi.

Na mchele una madhara yake. Unga wake huingia kwenye tundu la chaji na vitobo vya spika, ukikutana na maji unakuwa gundi. Mapema mwaka 2024 kampuni ya Apple iliandika wazi katika maelekezo yake kwa wateja kwamba iPhone iliyoloa isiwekwe kwenye mfuko wa mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuiharibu.

Lakini dhara kubwa kuliko yote ni muda. Mwenye simu iliyo ndani ya mchele anaamini tayari ameshaitibu. Anatulia. Siku mbili au tatu zinapita, chumvi na umeme vikiwa kazini.

> Maji yakikauka, chumvi haiondoki. Inabaki juu ya bodi, kama chokaa inavyobaki ndani ya birika.

Tazama birika linalochemshia maji ya kisima. Maji yameondoka kama mvuke, lakini chini kumebaki ganda jeupe. Ndivyo inavyokuwa ndani ya simu. Kukausha peke yake huacha ganda hilo, nalo huvuta unyevu wa hewa kila siku, na ulaji unaanza upya. Hii ndiyo sababu simu nyingi huwaka baada ya kuloa, zikafanya kazi wiki mbili au tatu, kisha zikazima ghafla na mwenyewe asikumbuke tena habari ya maji.

Saa ya kwanza, hatua kwa hatua

Kama simu ilikuwa imechomekwa kwenye chaji ilipoingia maji, usiiguse kwanza. Zima swichi ya ukutani, chomoa chaja, ndipo uitoe. Maisha yako yanatangulia.

Dakika ya kwanza. Itoe majini na uizime. Usijaribu kuona kama kamera inafanya kazi, usimpigie mtu kumweleza yaliyokukuta. Kama imeshajizima yenyewe, usiiwashe. Shauku ya kubonyeza kitufe “nione tu kama inawaka” ndiyo inayosababisha shoti nyingi. Usiichaji kwa namna yoyote.

Dakika ya pili hadi ya kumi. Vua kava. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Trei ya laini ikitoka, hewa nayo inapata mlango. Kama ni simu ya mgongo unaofunguka kwa ukucha, kama zilivyo kitochi nyingi, toa betri mara moja. Hilo linashinda hatua nyingine zote, kwa kuwa unakata umeme kabisa. Futa simu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ishike tundu la chaji likitazama chini, uigonge taratibu kwenye kiganja ili matone yatoke. Usiitikise kwa nguvu, usiipulize kwa mdomo, usichomeke pamba wala kijiti tunduni. Vyote hivyo husukuma maji kwenda ndani zaidi.

Laini iliyotolewa ifute, iweke kwenye simu nyingine. Kwa mama wa Feri hili lilikuwa muhimu kuliko lolote. Wateja wake hulipa kwa simu, naye kwa siku tatu aliamini kwamba pesa zake zimefukiwa kwenye mchele pamoja na simu. Hazikuwa humo. Salio liko kwenye akaunti inayofunguliwa na laini na namba ya siri. Fundi alihamishia laini yake kwenye kitochi, na akaliona salio lake palepale.

Dakika ya kumi hadi ya ishirini. Jiulize ni maji gani. Kama ni ya bomba au ya mvua, endelea kukausha. Kama ni ya bahari, ya sabuni, soda, chai au mchuzi, kukausha hakutoshi, maana uchafu utabaki. Simu iliyotolewa betri isuuze kwa maji safi kidogo, kisha ikaushe. Simu iliyozibwa ambayo mtengenezaji ameipa alama ya IP67 au IP68 isuuze nje na kwenye tundu la chaji, ikiwa imezimwa. Simu iliyozibwa isiyo na alama hiyo usiisuuze. Ifute, uipeleke kwa fundi saa hiyohiyo, na umtajie maji yaliyoingia.

Hadi saa kuisha. Kama fundi hapatikani, isimamishe mahali penye kivuli, tundu la chaji likiwa chini, mbele ya feni. Usiianike juani, usiiweke juu ya jiko wala kuichoma kwa mashine ya kukaushia nywele. Joto hulegeza gundi inayozuia maji, na betri ya lithiamu haivumilii kupashwa moto. Ukiona simu inavimba, inapata joto yenyewe, inatoa moshi au harufu tamutamu ya kemikali, iweke nje juu ya saruji au mchanga, mbali na watu. Usijaribu kuifungua.

“Lakini yangu haiingii maji”

Hii ni hoja ya upande wa pili, na ina ukweli ndani yake. Simu yenye alama ya IP67 imepimwa ikae kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Ya IP68 huenda kina zaidi, kwa kiwango anachotaja mtengenezaji. Simu hizo zikidumbukia kwenye ndoo na kutolewa mara moja, kwa kawaida hazipati lolote.

Ila kipimo hicho hufanyika kwa simu mpya na maji yasiyo na chumvi. Mpira na gundi vinavyoziba mianya huchakaa. Simu ikianguka na kupata ufa, au ikifunguliwa kubadilishwa kioo bila kuwekewa gundi mpya ya kuzuia maji, alama inabaki kwenye karatasi tu. Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana dhamana ya kawaida haifidii simu iliyoingia maji. Ndani ya simu nyingi, mara nyingi kwenye tundu la laini, kuna kibandiko kidogo cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Fundi wa dhamana hutazama hapo kwanza.

Simu nyingi za sasa pia hutoa onyo kwenye kioo tundu la chaji likiwa na maji. Kwenye iPhone huandikwa Liquid Detected. Usilipuuze wala kulazimisha chaji. Maelekezo ya Apple ni kugonga simu taratibu tundu likiwa chini, kuiacha penye hewa, na kujaribu tena baada ya angalau dakika 30. Kukauka kabisa kunaweza kuchukua hadi saa 24.

Utamjuaje fundi anayejua

Yupo fundi anayeokoa simu, na yupo anayemalizia kazi ya maji. Tofauti yao huonekana katika dakika tano za mwanzo.

Anayejua huuliza maji yalikuwa ya aina gani na lini. Akishafungua, kitu cha kwanza anachokifanya ni kuchomoa betri. Kisha hutoa vifuniko vya bati, hukagua kwa lenzi, na kusugua bodi kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ambayo huyasukuma maji nje na kukauka bila kuacha kitu. Mwenye vifaa zaidi huizamisha bodi kwenye mashine ya mawimbi ya sauti inayotikisa uchafu hadi chini ya chipu. Baada ya hapo hupima kwa mita kama kuna shoti kwenye njia kuu ya umeme, na hapo tu ndipo hurudisha betri.

Asiyejua huanza kwa kuchomeka chaji “tuone”. Au huipuliza bodi iliyoloa kwa bloa ya joto kali, maji yakachemka chini ya chipu. Au huisafisha kwa thina, ambayo hula plastiki na gundi. Spiriti ya dukani ya asilimia 70 nayo si mbadala mzuri, kwa kuwa karibu theluthi yake ni maji.

Muulize fundi swali moja tu kabla hujamwachia simu: “Utaanza na nini?” Jibu likiwa “kuichaji”, ichukue simu yako.

Meza moja, simu mbili

Saa tisa alasiri aliingia kijana wa bodaboda, koti bado linachuruzika. Mvua ilikuwa imemkuta Buguruni, simu ikiwa kwenye kishikio cha usukani. Alipoona kioo kinacheza aliizima, akatoa laini, akaiweka mfukoni na kuja moja kwa moja. Haikuwa imetimia hata saa moja.

Fundi aliifungua. Palikuwa na matone mawili karibu na tundu la chaji, na ukungu chini ya lenzi ya kamera. Shaba yote iling’aa. Alichomoa betri, akasugua, akakausha kwa hewa baridi, akapima. Mita haikuonyesha shoti. Baada ya muda simu iliwaka, na kijana aliambiwa kitu cha kwanza kufanya: ahifadhi picha na namba zake mahali pengine usiku huohuo, kwa kuwa simu iliyowahi kuloa haiwekewi dhamana na mtu.

Ushauri huo una sababu yake. Katika simu za sasa, chipu inayobeba picha zako imechomelewa kwenye bodi, na vilivyomo vimefungwa kwa ufunguo uliomo kwenye bodi hiyohiyo. Bodi ikifa, fundi hawezi kuichomoa chipu na kuisoma kwenye kompyuta. Ili picha zitoke, ni lazima bodi ifufuke.

Ya mama wa Feri haikufufuka siku ile. Fundi aliisafisha, akabadilisha kiungio cha betri kilicholika, lakini shoti ilibaki chini ya chipu inayogawa umeme. Alimwambia ukweli: inaweza kuwaka akibadilisha chipu hiyo, na inaweza isiwake, na gharama inakaribia bei ya simu nyingine ya namna ile. Mama aliuliza jambo moja tu, kama picha za harusi ya binti yake zimo humo. Zilikuwa humo tu.

Alikuwa amefanya kila alichoambiwa na watu waliomtakia mema. Hakuna aliyemwambia aizime, aisafishe chumvi, aipeleke kwa fundi siku ileile. Walimwambia mchele.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapomwona mtu ameshika simu inayochuruzika maji na anaulizia mchele, usimpe bakuli. Mwambie aizime, atoe laini, na muulize maji yalikuwa ya wapi.